Pikipiki ya kwanza: jina, rangi na ukubwa wa injini

Mavuno yakishauzwa, simu zinazoingia studioni hubadilika. Mwezi mmoja kabla watu waliuliza bei ya alizeti na mahindi. Sasa wanauliza pikipiki. Wengi wanaouliza hawajawahi kumiliki chombo cha moto. Wameweka fedha kwa msimu mmoja au miwili, wengine wamekopa kwenye kikundi, na wakikosea hakuna fedha ya kurudia. Maswali yao yanafanana sana. Ni kampuni gani isiyoharibika? Nichukue nyekundu au nyeusi? Na lile tunalolisikia kuliko yote: si ni bora ninunue ya cc 150 moja kwa moja, kwa kuwa kubwa ni kubwa?

Kila swali kati ya hayo limebeba imani fulani, na kila imani ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Tuzitazame moja moja. Ili tusiongee hewani, tumweke mbele yetu mnunuzi mmoja wa mfano: kijana wa kijiji cha Singida, kilomita 18 kutoka mjini, barabara ya vumbi isiyo na milima mikubwa. Anataka kubeba abiria siku sita za wiki na kupeleka gunia sokoni siku ya mnada. Mbele yake kuna pikipiki tatu: mpya ya cc 100 ya kampuni inayojulikana, mpya ya cc 150 yenye jina asilolijua, na iliyotumika ya cc 150 ya kampuni maarufu, imepakwa rangi upya na inang'aa.

"Nunua jina, jina halidanganyi"

Imani hii ina historia. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wamegundua kwamba katika nchi nyingi waendeshaji hawabadilishi oili kwa wakati na hutembea kwenye vumbi mchana kutwa. Kwa hiyo walibuni injini rahisi, yenye uwezo wa kuvumilia uzembe, ambayo vali zake zinasukumwa na vijiti badala ya mnyororo mwembamba wa ndani unaohitaji kuangaliwa mara kwa mara. Injini ile ikajipatia sifa ya kutokufa, na wazee wetu walioiona ikifanya kazi wakawarithisha watoto neno moja: nunua Honda.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Viwanda vya China vilichukua muundo ule ule na kuutengeneza kwa wingi, kila kimoja kikibandika jina lake kwenye tangi. Ndiyo maana pikipiki mbili zenye majina tofauti kabisa zinaweza kuwa na injini zinazofanana kiasi kwamba fundi anatoa kifaa kwenye moja na kukifunga kwenye nyingine. Na kinyume chake pia ni kweli: kampuni moja inaweza kutoa modeli mbili ambazo hazichangii hata waya wa klachi. Bajaj Auto ya India ndiyo inayotengeneza Boxer, na ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza chombo cha magurudumu matatu tunachokiita bajaji. Ukiwa na mjomba ambaye bajaji yake imemtumikia miaka sita bila kumsumbua, hilo halikuambii lolote kuhusu Boxer unayotaka kununua. Hata Boxer ya cc 100 na ya cc 150 si chombo kimoja. Sifa inakaa kwenye modeli na kwenye namna ilivyotunzwa, haikai kwenye kibandiko.

Je, jina halina maana yoyote? Lina maana, ila ni maana nyingine na si ile watu wanayoifikiria. Jina linalouzwa sana kwenye wilaya yako limeleta mambo mawili pamoja nalo: vipuri kwenye maduka ya karibu, na mafundi waliokwisha kuifungua injini hiyo mara mia. Hayo mawili yana thamani ya fedha. Pikipiki inayolala wiki mbili ikisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam imekula siku kumi na mbili za kazi, hata kama kifaa chenyewe ni cha bei ya soda.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya pikipiki, uliza bei ya vifaa vyake. Kijana wetu aende maduka matatu ya vipuri mjini, yale ambayo atakuwa anayategemea, na aulize vitu vitano tu kwa kila modeli anayoifikiria: cheni na sproketi zake, klachi pleti, breki shuu, waya wa klachi, na pistoni na ringi zake. Asiulize "mnavyo?", maana muuzaji atasema vipo. Aseme, "Naomba nikione." Modeli ambayo vifaa vyote vitano vinawekwa juu ya kaunta katika maduka mawili kati ya matatu, hiyo ina makazi katika mji ule. Ile ambayo anaambiwa "tutakuagizia", amejua kinachomsubiri.

Tahadhari moja kuhusu majina makubwa: ndiyo yanayoghushiwa zaidi. Hakuna anayehangaika kuchapisha maboksi bandia ya kampuni isiyojulikana. Mwenye pikipiki ya jina kubwa anapaswa kuwa mwangalifu zaidi dukani, na wala asidhani kwamba jina linamlinda.

Kwa ile mpya yenye jina geni, kuna jambo ambalo mnunuzi anaweza kulisoma mwenyewe bila kumuuliza mtu. Nyingi kati ya pikipiki za Kichina zina msimbo uliogongwa kwenye chuma cha injini, upande wa chini kushoto, karibu na namba ya injini. Futa vumbi kwa kitambaa utauona. Kwa mfano:

```
156FMI
162FMJ
```

Tarakimu ya kwanza, 1, maana yake injini ina silinda moja. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, yaani 56 au 62. F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ndiyo inayotaja ukubwa: G ni cc 100, I ni cc 125, J ni cc 150, L ni cc 200. Ukiona pikipiki ina kibandiko kikubwa cha 150 ubavuni na chuma chake kimegongwa 156FMI, unauziwa cc 125 kwa bei ya cc 150. Pikipiki za India hazitumii msimbo huu, hivyo usishangae ukiukosa kwenye Boxer au TVS. Kwa hizo soma kadi ya usajili na kitabu chake.

"Injini kubwa ni bora, hata usipoihitaji leo"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na zinapotea kidogo kidogo kiasi kwamba mwenyewe haoni.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo vijiweni vinachanganywa: nguvu ya injini na uwezo wa pikipiki kubeba. Injini inasukuma. Haibebi. Mzigo unabebwa na fremu, shokapu, rimu, spoku na matairi. Mtu anayenunua cc 150 ili abebe magunia mawili halafu anashangaa spoku zinakatika kila mwezi, amenunua msukumo zaidi na akaacha miguu ya chombo ilivyo. Kama kazi yako ni mizigo, chuchumaa nyuma ya pikipiki uangalie unene wa spoku, shokapu za nyuma, na mahali keria ilipofungwa kwenye fremu. Hayo utayaona kwa macho, na hakuna kibandiko kitakachokuambia.

Pili, kupanda mlima. Ni kweli injini kubwa inapanda vizuri zaidi, lakini nguvu inayofika kwenye tairi inategemea pia sproketi. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ili tairi lizunguke mara moja. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45, itazunguka mara 3.2 hivi. Msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa takriban asilimia 7, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kama hicho; iliyokuwa inafika kilomita 80 kwa saa sasa inafika kama 75. Kwa barabara ya kijijini hakuna aliyepoteza kitu. Unahitaji cheni ndefu kidogo, na fundi anamaliza kazi asubuhi moja. Waendeshaji wa milimani kama Lushoto wamekuwa wakifanya hivi muda mrefu, na gharama yake hailingani hata kidogo na tofauti ya bei kati ya cc 100 na cc 150.

Tatu, petroli. Kijana wetu wa Singida anatembea kilomita 60 kwa siku. Tuseme cc 100 ikiwa na abiria inampa kilomita 50 kwa lita, na cc 150 inampa 40. Ya kwanza inakunywa lita 1.2 kwa siku, ya pili lita 1.5. Tofauti ni lita 0.3, karibu kikombe kikubwa cha chai. Nani anahesabu kikombe? Lakini siku 26 za kazi ni lita 7.8, na petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 23,400 kila mwezi. Mwaka ni shilingi 280,800. Hiyo inanunua seti ya cheni, tairi la nyuma na oili za miezi mingi, na bado inabaki ya mfukoni. Hapo hatujaweka tofauti ya bei ya kununulia.

Usizichukue namba zetu kama amri, kwa sababu mkono wa mwendeshaji unabadilisha kila kitu. Zipime. Azima pikipiki ya mtu mwenye modeli unayoitaka, au muombe mwenyewe afanye hivi: ajaze petroli mpaka alama fulani kwenye mdomo wa tangi, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, afanye kazi siku tatu kama kawaida, kisha ajaze tena mpaka alama ile ile. Kilomita alizotembea zigawanywe kwa lita alizoongeza mara ya pili. Mwendeshaji akikuambia "hii hainywi mafuta" bila kupima, amekuambia anavyoipenda pikipiki yake.

Nne, kudumu. Watu husema injini ndogo "inachoka" mapema. Kinachoichosha injini inayopozwa kwa upepo ni joto na oili iliyokwisha. Injini nyingi za aina hii zinabeba takriban lita moja tu ya oili, na lita hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Ikipungua kidogo au ikichelewa kubadilishwa, cc 150 inakufa kama cc 100. Oili ya kwanza ya pikipiki mpya ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inabeba unga wa chuma unaotoka vyuma vikizoeana. Imwagwe mapema, kwenye kilomita 500 hivi au kama kitabu chake kinavyosema. Tumesikia wengi wakisubiri mpaka 2,000 kwa kuwa "bado ilikuwa inaonekana safi."

Hata hivyo tusiwaonee wenye injini kubwa, kuna mahali wana haki kabisa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwenye nyanda za juu kama Makete au Njombe mjini, karibu mita 2,000 na zaidi, injini ya cc 125 inasukuma kama ya cc 100 iliyoko pwani. Ongeza mlima, matope na abiria mzito, na cc 100 itapanda kwa gia ya kwanza ikilia njia nzima. Injini inayolazimishwa hivyo kila siku inapata moto, na hapo ndipo ile imani ya "inachoka" inapokuwa kweli. Huko, cc 125 au 150 ni kifaa cha kazi. Dalili ya kuwa injini ni ndogo kwa njia yako ni hii: ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mlima wako wa kawaida unakulazimisha ukae gia ya kwanza kwa zaidi ya dakika moja au mbili. Nenda ukaujaribu mlima huo kabla ya kulipa.

Na ukichukua kubwa, ujue mambo mawili yanayokuja nayo. Hapa Tanzania leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki ndogo za hadi cc 125. Cc 150 inahitaji daraja A. Pia breki. Pikipiki nyingi za kazi, kubwa kwa ndogo, zina breki za ngoma mbele na nyuma, na kinachobadilika ni mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaenda 60, umbali wa kusimama tangu unapokanyaga breki hauongezeki kwa nusu kama mtu anavyodhani. Unakuwa zaidi ya mara mbili.

"Nyekundu ina mbio, nyeusi haichafuki, nyeupe inauzika"

Rangi haina mbio. Hili tunalijibu haraka. Nyekundu hupauka upesi zaidi machoni ikikaa juani, nyeusi huonyesha vumbi letu jekundu kuliko rangi nyingine yoyote, na kiti cheusi kilichoachwa juani saa nane mchana utakijua ukikikalia. Joto la injini linatoka ndani ya injini na halihusiani na rangi ya tangi.

Swali la maana zaidi ni kama rangi inakufanya uonekane barabarani. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walilichunguza hilo kwa kulinganisha waendeshaji walioumia na wengine waliokuwa wakipita barabara zile zile, na mwaka 2004 matokeo yakatoka. Waliovaa nguo za kuakisi mwanga au zenye rangi ya kung'aa walikuwa na hatari ndogo ya kuumia kwa asilimia 37. Waliowasha taa ya mbele mchana, asilimia 27. Waliovaa kofia ngumu nyeupe badala ya nyeusi, asilimia 24. Rangi ya pikipiki yenyewe haikuonyesha tofauti. Barabara za kule si kama zetu, lakini somo lake halina gharama: pikipiki nyeusi na kizibao cha kuakisi ni salama kuliko nyekundu inayowaka ikiendeshwa na mtu mwenye koti jeusi, taa imezimwa.

Sasa tumrudie kijana wetu na ile ya tatu, iliyotumika, inayong'aa. Kwenye pikipiki ya mkononi rangi ina kazi moja kubwa, nayo ni kukueleza yaliyopita. Kadi ya usajili ina sehemu ya rangi. Kadi ikisema bluu na pikipiki ni nyekundu, kuna mambo mawili: mwenyewe alibadilisha bila kuwataarifu Mamlaka ya Mapato, au kadi ni ya pikipiki nyingine. La kwanza linarekebishika, na afanye yeye mwenyewe kabla hujalipa. La pili linaweza kukufikisha kituoni ukiwa na kitu cha wizi, fedha yako ikiwa imeshaondoka.

Inua kiti. Wapakaji wengi hawafiki pale. Angalia chini ya kiti, ndani ya kifuniko cha betri, na nyuma ya shingo ya usukani chini ya tangi. Rangi ya zamani huwa imebaki. Shingoni hapo hapo ndipo namba ya chasisi inapogongwa kwa kawaida. Isome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Namba ikiwa imezungukwa na rangi nene, au chuma kimesuguliwa kikawa laini kuliko sehemu ya jirani, rudisha kadi na umuage muuzaji kwa heshima. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa shingoni na pale shokapu za nyuma zinaposhika. Mshono wa kuchomelea wa kiwandani una mawimbi madogo yanayolingana. Uvimbe uliosawazishwa kwa rangi ni fremu iliyowahi kuvunjika, na hiyo hata kwa bei nusu ni ghali.

Tukimfuata kijana mpaka mwisho: ile iliyotumika kadi ilisema nyeusi, na chini ya kiti palikuwa na weusi, kwa hiyo haikuwa ya wizi, lakini shingo ilikuwa na uvimbe. Akaiacha. Ile ya jina geni ilikuwa na 162FMJ kweli, muuzaji hakudanganya. Dukani mjini pistoni na klachi pleti zake zilipatikana, kwa kuwa zinaingiliana na za wengine, ila breki shuu na vifuniko vyake hapana. Kwa njia ya tambarare na gunia moja kwa wiki, akachukua cc 100. Tofauti ya bei aliitumia kununua kofia mbili, kizibao cha kuakisi, keria imara na lita mbili za oili. Jirani yake wa Makete mwenye hesabu ile ile angeondoka na cc 150 na tungemuunga mkono.

Aliuliza pia kama achukue nyekundu. Tulimwambia achukue anayoipenda, ila asilipie zaidi.